"Ilala inaongoza": inaongoza kwa idadi au kwa kiwango?

Nilikuwa kwa kinyozi Buguruni, nasubiri zamu yangu, jamaa mmoja akaanza kusoma kwa sauti orodha iliyokuwa inazunguka WhatsApp. Ilikuwa orodha ya ajali za bodaboda kwa wilaya. "Ilala inaongoza," akasema. "Mafia wa mwisho kabisa."

Kijana aliyekuwa kwenye kiti, mwenyeji wa Kilindoni, akacheka huku kichwa kimeshikiliwa. "Si huwa nawaambia? Kwetu hakuna fujo hizo."

Kinyozi akazima mashine. "Sasa kwenu mko wangapi hata mgongane?"

Watu wakacheka, lakini swali la kinyozi ndilo lililokosekana kwenye ile orodha. Kwa sensa ya mwaka 2022, Ilala ilikuwa na watu 1,649,912. Mafia ilikuwa na watu 66,000 na ushee. Ukigawanya utaona kwamba Ilala moja ni kama Mafia 25. Ukizipanga wilaya hizi mbili kwa idadi ya ajali, ya wagonjwa, ya wezi au hata ya harusi, Ilala itakuwa juu karibu kila mara. Orodha ya namna hiyo inakuambia wapi kuna watu wengi, jambo ambalo tulishalijua kabla ya kufungua simu.

Maneno mawili yanahitaji kutenganishwa hapa, kwa sababu kwenye mazungumzo tunayachanganya kila siku. Idadi ni hesabu ya matukio yenyewe: ajali ngapi, wagonjwa wangapi, vifo vingapi. Kiwango ni idadi hiyo ikipimwa dhidi ya watu ambao jambo hilo lingeweza kuwapata, kwa muda uliotajwa. Tunaposema "kwa kila watu elfu moja kwa mwaka" tunazungumzia kiwango.

Fikiria nyanya sokoni. Tenga zima lina nyanya 20 zilizooza, na fungu la nyanya tano lililopangwa mezani lina mbili zilizooza. Hakuna mama atakayekimbia tenga na kununua fungu eti kwa sababu mbili ni chache kuliko ishirini. Anajua bila kalamu kwamba kwenye fungu karibu nusu ni hasara, wakati kwenye tenga lenye mamia ya nyanya, ishirini ni kitu cha kawaida. Akili ile ile tunaiacha sokoni tunapofungua orodha ya wilaya.

Kukata wilaya mafungu

Tufanye hesabu yenyewe. Idadi za watu ni za sensa, lakini idadi za ajali nitakazotumia nimezibuni ili hesabu ikae vizuri, kwa hiyo usizichukue ukazisambaza. Tuseme katika mwaka mmoja Ilala ilikuwa na majeruhi 1,320 wa bodaboda na Mafia ikawa na 99.

Njia nyepesi ni kuwapanga watu kwanza katika mafungu ya elfu moja moja. Watu 1,649,912 ni mafungu 1,650 hivi. Watu 66,000 ni mafungu 66. Sasa gawa majeruhi kwa mafungu: 1,320 kwa 1,650 unapata 0.8, na 99 kwa 66 unapata 1.5. Kwa maneno mengine, katika kila watu elfu moja wa Ilala aliumia chini ya mtu mmoja, na katika kila watu elfu moja wa Mafia aliumia mtu mmoja na nusu. Mwenye majeruhi 99 ana hatari karibu mara mbili ya mwenye majeruhi 1,320.

Watu hukwama hapo kwenye "mtu mmoja na nusu" na "mtu 0.8". Hakuna nusu mtu hospitalini, ni kweli. Kama inakukera, tumia mafungu ya elfu kumi: Ilala 8, Mafia 15. Au ya laki moja: 80 na 150. Uhusiano kati ya wilaya hizo mbili haubadiliki hata kidogo, kama vile kilo mbili haziwi nyingi zaidi ukiziita gramu 2,000. Kinachoharibu ni pale karatasi moja inapotumia elfu na nyingine inatumia laki, halafu mtu akaziweka bega kwa bega. Nane ya kwa elfu kumi na themanini ya kwa laki ni kitu kile kile, lakini kwenye simu, saa nne usiku, 80 inaonekana kama balaa.

Angalia pia muda. Ajali za miezi mitatu za wilaya moja haziwekwi pembeni ya ajali za mwaka mzima za nyingine, hata kama zote zimegawanywa kwa elfu.

Kiwango kikubwa, watu wachache

Baada ya kulielewa hilo, wengi huruka upande wa pili na kuona kwamba kiwango ndiyo namba ya kweli na idadi ni ya kuwadanganya wajinga. Siyo. Kila moja inajibu swali lake, na mfano mzuri tunao hapa hapa nchini, kwenye ngazi ya mikoa.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2016 na 2017 ulipima watu wazima, wenye miaka 15 na kuendelea. Mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango kikubwa kuliko yote, asilimia 11.4. Dar es Salaam ilikuwa asilimia 4.7. Lindi ilikuwa asilimia 0.3. Asilimia nayo ni kiwango, ila mafungu yake ni ya watu mia mia. Ukitaka kwa elfu, zidisha kwa kumi: Njombe 114, Dar es Salaam 47, Lindi 3.

Je, watu wengi wanaoishi na VVU walikuwa Njombe? Hapana. Tufanye makadirio ya haraka kwa sensa ya mwaka 2012, iliyokuwa ya karibuni wakati huo. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 na Njombe 702,097. Tuseme, kwa kukadiria tu, kwamba sita katika kila kumi ni watu wazima. Dar es Salaam inapata watu wazima milioni 2.6 hivi, na asilimia 4.7 ya hao ni kama 123,000. Njombe inapata watu wazima 421,000 hivi, na asilimia 11.4 yao ni kama 48,000. Mkoa ambao kiwango chake hakifiki nusu ya kile cha Njombe una watu zaidi ya mara mbili na nusu wanaohitaji dawa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu anayepakia malori bohari ya dawa. Kama lori la ARV ataligawa kwa kiwango, vituo vya Dar es Salaam vitaishiwa kabla ya mwezi kuisha, maana dawa inamezwa na mtu na siyo asilimia. Huyo anahitaji idadi. Lakini anayetaka kujua ni wapi kijana anayeanza maisha yuko kwenye hatari kubwa zaidi, au wapi pana kitu cha pekee kinachohitaji kuchunguzwa, akiangalia idadi peke yake atabaki Dar es Salaam miaka yote na Njombe hataiona. Huyo anahitaji kiwango.

Niongeze jambo moja kwa sababu nimewasikia watu wakiusema vibaya mkoa huo. Kiwango kile kinahesabu wote wanaoishi na virusi siku ya kupimwa, wakiwemo walioambukizwa miaka kumi au ishirini iliyopita na wako hai kwa sababu wanameza dawa. Dawa zikifanya kazi vizuri, kiwango hicho kinaweza kubaki juu, hata kupanda, huku maambukizi mapya yakipungua. Maambukizi mapya kwa mwaka ni hesabu nyingine yenye jina lake.

Wilaya ndogo hupanda na kushuka kama mawimbi

Sehemu hii ndiyo huwashinda hata waandishi wa habari wanaojua kugawa kwa elfu. Kiwango cha wilaya ndogo kinayumba chenyewe, bila chochote kubadilika barabarani wala hospitalini.

Tuchukue jambo ambalo halitokei sana, mfano vifo vya ajali. Tuseme hatari ni sawasawa kabisa Ilala na Mafia, vifo sita kwa kila watu laki moja kwa mwaka. Kwa ukubwa wake, Ilala itatarajia vifo 100 hivi na Mafia vinne. Lakini ajali haziji kwa ratiba. Mwaka mmoja Mafia inaweza kupata vifo viwili, mwaka unaofuata saba, halafu vitatu, na yote hayo ni bahati tu. Vifo viwili katika watu 66,000 ni kiwango cha 3 kwa laki. Vifo saba ni kiwango cha karibu 11. Kichwa cha habari tayari kimeshaandikwa: "Vifo vyaongezeka zaidi ya mara tatu Mafia". Na mwaka unaofuata, mkutano wa kupongezana kwa kuvipunguza.

Kuna kipimo cha haraka ambacho watu wa takwimu hukitumia. Chukua idadi ya matukio, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa mbili. Jibu ni kadirio la jinsi idadi hiyo inavyoweza kuyumba kwa bahati tu, juu au chini. Kwa Ilala, kipeuo cha pili cha 100 ni 10, mara mbili ni 20. Kwa hiyo mwaka wa vifo 80 na mwaka wa vifo 120 usikushangaze sana, na kiwango kitatembea kati ya 5 na 7 hivi kwa laki. Kwa Mafia, kipeuo cha 4 ni 2, mara mbili ni 4. Yaani nne kujumlisha au kutoa nne, kuanzia karibu sifuri hadi vinane. Kiwango kinaweza kuwa karibu na sifuri au kikafika 12, na barabara ni ile ile.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Ukipanga wilaya zote za nchi kwa kiwango cha jambo lisilotokea mara kwa mara, juu kabisa utakuta wilaya ndogo, na chini kabisa utakuta wilaya ndogo vilevile. Wilaya kubwa zitakaa katikati zimetulia. Marekani jambo hili lilijulikana kwenye ramani za saratani ya figo: maeneo yenye viwango vya chini kabisa yalikuwa ya vijijini yenye watu wachache, na yenye viwango vya juu kabisa pia yalikuwa ya vijijini yenye watu wachache. Mtu angeweza kuandika makala nzima kusifu hewa safi ya shamba, na nyingine kulaumu umaskini wa shamba, kwa ramani hiyo hiyo.

Hata sisi tumeliona, ila kwa sura ya mitihani. Enzi zile Baraza la Mitihani linatangaza shule kumi bora za kidato cha nne, kwa miaka kadhaa shule ziligawanywa makundi mawili: zenye watahiniwa 40 na zaidi, na zenye chini ya 40. Wazazi wengine walidhani ni upendeleo. Kumbe shule yenye watahiniwa 12 ikipata wanafunzi watatu wakali mwaka huo inapaa, na mwaka unaofuata watatu wakiugua inaanguka. Shule ya watahiniwa 300 haiwezi kurushwa hivyo na wanafunzi watatu.

Kwa wilaya, dawa yake ni kuunganisha miaka. Jumlisha vifo vya Mafia vya miaka mitano, gawa kwa watu wa miaka hiyo mitano, na mawimbi yatatulia. Kituo cha taifa cha takwimu za afya cha Marekani kina desturi ya kuweka alama ya tahadhari kwenye kiwango chochote kilichotokana na vifo chini ya 20. Ni mpaka mzuri wa kukumbuka. Ukiona kiwango cha wilaya ndogo, uliza kilitokana na matukio mangapi. Ukijibiwa "matatu", endelea na chai yako.

Namba ya chini

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Kwenye kiwango, watu wote hugombania ile ya juu, ajali ngapi, wagonjwa wangapi, na ya chini wanaichukua popote wanapoikuta. Humo ndimo makosa makubwa yanamojificha, kwa sababu hesabu inakuwa sahihi kabisa na jibu linakuwa la uongo.

Ya kwanza ni sensa iliyopitwa na wakati. Mafia ilikuwa na watu 46,000 na kidogo mwaka 2012. Ukichukua majeruhi wetu 99 na kuwagawa kwa mafungu 46 badala ya 66, unapata 2.15 badala ya 1.5. Watu 20,000 walioongezeka hawakuhesabiwa chini, lakini walioumia miongoni mwao wamehesabiwa juu.

Ya pili ni mipaka, na kwa Dar es Salaam hii ni mtego hasa. Sensa ya 2012 iliikuta Kinondoni na watu 1,775,049. Ya 2022 ikaikuta na 982,328. Hakuna aliyehama kwa wingi hivyo. Katikati hapo Ubungo ilitolewa Kinondoni ikawa wilaya yake, kama Kigamboni ilivyotolewa Temeke. Atakayechukua ajali za Kinondoni ya leo na kuzigawa kwa watu wa Kinondoni ya 2012 ataishusha karibu nusu na kuisifia bure.

Jina nalo linaweza kukuponza. Tangu mwaka 2021 halmashauri ya Ilala ndiyo inayoitwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Ukipewa karatasi imeandikwa "Jiji la Dar es Salaam" ukaenda kuchukua watu wa mkoa mzima, 5,383,728, wale majeruhi 1,320 wanageuka kuwa 0.25 kwa elfu badala ya 0.8. Ilala inakuwa wilaya salama kuliko zote, kwa kosa la jina tu.

Mara nyingine hata wakazi wote siyo namba ya chini inayofaa. Vifo vya wajawazito havigawanywi kwa watu wote wa wilaya, kwa sababu wanaume, wazee na watoto hawamo kwenye hatari hiyo. Vinagawanywa kwa vizazi hai. Ndiyo maana utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulitoa namba ya vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na anayeusoma kama vifo 104 kwa kila watu laki moja amekosea vibaya.

Ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote: je, waliohesabiwa juu ni wale wale waliohesabiwa chini? Sensa inamhesabu mtu anapolala. Kariakoo iko Ilala, na asubuhi inajaa watu waliolala Mbagala, Kimara, Tegeta, hata Kibaha. Akigongwa mmoja wao Mtaa wa Msimbazi, anaingia kwenye namba ya juu ya Ilala, lakini kwenye namba ya chini hayumo. Muhimbili nayo iko Upanga, ndani ya Ilala, na inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka nchi nzima. Hesabu za ajali zikikusanywa kwa mahali palipotokea ni jambo moja, zikikusanywa kwa hospitali zilizowapokea majeruhi ni jambo jingine kabisa.

Haya niliyaeleza pale kwa kinyozi kwa ufupi zaidi, maana zamu yangu ilikuwa imefika na watu walikuwa na njaa. Jamaa mwenye simu akairudia orodha yake. Haikuwa na safu ya idadi ya watu. Haikusema ni ya miezi mingapi. Chini kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba namba zimetoka kwenye madaftari ya hospitali.

Kijana wa Kilindoni, ambaye sasa alikuwa anapanguswa nywele shingoni, akakunja suruali na kuonyesha kovu refu kwenye muundi. Alianguka na pikipiki nyumbani kwao mwaka huo huo, akavushwa hadi Nyamisati, akaletwa mjini, akalazwa wiki mbili.

"Hospitali ya huku?" kinyozi akauliza.

"Ya huku."

"Basi kaka, wewe uko kwenye namba ya Ilala."